Kishindo cha Hatua katika Michezo ya Kompyuta: Wingi wa Rekodi Si Dawa

Mtu atembeaye juu ya changarawe hatoi kishindo kimoja mara mbili. Kila hatua hukuta vijiwe vimelala kwa namna nyingine, kisigino hutua kwa pembe iliyotofautiana kidogo na ile ya awali, na uzito wa mwili huegemea upande huu au ule. Tofauti hizo ni ndogo, wala hakuna anayezisikiliza kwa makusudi. Lakini zikikosekana, sikio hutambua upesi. Ndivyo inavyomtokea mchezaji wa mchezo wa kompyuta ambamo hatua za mhusika zimetiwa sauti moja tu inayorudiwa. Baada ya dakika chache hasikii tena mtu anayetembea, bali husikia mashine inayogonga. Waandaaji wa sauti huifananisha kasoro hiyo na bunduki ya rashasha, kwa kuwa milio inayofanana kabisa, ikifuatana upesi, hupoteza sura ya kitu kilichoitoa na kubaki mfululizo wa mapigo matupu.

Dawa zinazopendekezwa aghalabu ni mbili. Ya kwanza ni kunasa hatua nyingi zaidi, ili kompyuta iwe na akiba kubwa ya kuchagulia. Ya pili ni kuiamuru kompyuta iifanye kila sauti iwe nyembamba au nene kidogo kwa bahati nasibu. Dawa zote mbili zina manufaa yake, lakini hakuna hata moja inayogusa asili ya ugonjwa. Kinachomfichulia mchezaji kwamba sauti inarudiwa si uchache wa rekodi peke yake, bali ni alama fulani iliyomo ndani ya rekodi, ambayo hurudi kabla sikio halijaisahau. Kwa hiyo kazi ya mwandaaji haipasi kuanza kwa kuhesabu rekodi. Yapasa ianze kwa kuuliza ni sehemu ipi ya kishindo inayobadilika katika maumbile, na ni ipi isiyobadilika.

Sikio na kumbukumbu yake

Mwaka 1963 watafiti wawili, Guttman na Julesz, walichunguza jambo linalofanana sana na hili. Walichukua kipande cha mvumo usio na mpangilio wowote, kama ule wa redio isiyoshika kituo, wakakirudia bila kukoma. Ilionekana kwamba kipande hicho kikiwa na urefu wa sekunde 1 hivi au pungufu, msikilizaji hutambua marudio bila taabu. Kikizidi hapo, kazi ya kutambua huwa ngumu zaidi. Yafaa kukumbuka kwamba mvumo wa namna hiyo hauna wimbo, hauna neno, wala hauna chochote ambacho mtu angeweza kukitaja. Hata hivyo sikio huushika.

Mwaka 2010 Agus, Thorpe na Pressnitzer walionyesha jambo la ajabu zaidi. Kipande cha mvumo kilichorudiwa mara chache kati ya vingine vingi kiliingia katika kumbukumbu ya wasikilizaji bila wao kuambiwa wakikariri, na athari yake ilidumu kwa wiki kadhaa. Basi mwandaaji wa sauti anakabiliwa na kumbukumbu mbili. Moja ni ya karibu, yenye upana wa sekunde 1 hivi, na hiyo hunasa sauti inayorudi upesi. Nyingine ni ya mbali, na hiyo hunasa sauti yenye alama ya pekee, hata ikichelewa kurudi.

Kumbukumbu hizo mbili zinaeleza kwa nini bahati nasibu peke yake haitoshi. Mtu mwenye mwendo wa kawaida hupiga hatua 110 hivi kwa dakika. Kompyuta ikiwa na rekodi 5 na ikichagua kibahati tu, nafasi ya kuchagua tena rekodi iliyotoka kulia ni 1 katika 5, maana yake kila dakika hatua 22 zitakuwa nakala halisi ya hatua zilizozitangulia. Wengine huzichanganya rekodi zote kama karata, wakazicheza hadi ziishe, kisha wakazichanganya upya. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini bado karata ya mwisho ya mzunguko mmoja yaweza kuwa ya kwanza ya mzunguko unaofuata. Katika rekodi 5 jambo hilo hutokea kwa wastani mara 1 katika kila hatua 25, yaani mara 4 na zaidi kwa dakika.

Funzo la mwaka 1998

Mchezo uitwao Half-Life, ulioundwa na kampuni ya Valve na kutolewa mwaka 1998, wafaa kuchunguzwa, kwa kuwa sehemu ya programu yake inayoshughulikia hatua ilitolewa ili watunga programu wengine waisome. Sakafu ya kawaida katika mchezo huo ina rekodi 4 tu, kuanzia `pl_step1.wav` hadi `pl_step4.wav`. Programu hukumbuka ni mguu gani uliokanyaga mara ya mwisho. Mguu wa kulia huchagua kati ya rekodi ya 1 na ya 3, na wa kushoto kati ya ya 2 na ya 4. Mhusika akitembea, kati ya hatua na hatua hupita milisekunde 400. Akikimbia, milisekunde 300.

Mpango huo ulikuwa wa busara. Kwa kuwa miguu hupokezana na kila mmoja una rekodi zake, hatua mbili zinazofuatana haziwezi kamwe kufanana, na faida hiyo ilipatikana kwa faili 4 tu katika kompyuta zenye nafasi finyu. Lakini hesabu inaonyesha pia mahali ulipokomea. Kila mguu una rekodi 2, hivyo kwa nusu ya hatua zake hurudia kishindo chake chenyewe. Mhusika akikimbia, kila mguu hukanyaga mara 100 kwa dakika, na katika hizo mara 50 hivi ni marudio yanayokuja milisekunde 600 tu baada ya asili yake. Muda huo umo ndani ya ile sekunde 1 ambayo sikio huilinda. Mpango ulizuia marudio ya hatua hadi hatua, ukayaacha ya mguu hadi mguu.

Mtu aweza kudhani kwamba jibu ni kuziongeza rekodi 4 ziwe 40. Na atuchukulie kwamba zimeongezwa, na kwamba katika moja ya hizo 40 kijiwe kiliruka na kulia "ta!" dhidi ya kiatu. Rekodi hiyo itarudi kwa wastani kila baada ya sekunde 22 za kutembea. Rekodi nyingine 39 zitapita bila kugunduliwa, lakini hiyo moja itatambuliwa kila mara, na ikishatambuliwa mchezaji atakaa akiingoja. Kovu moja limeharibu kazi ya rekodi 39. Mwandaaji anayeiita rekodi hiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu ina uhai, ndiye aliyekosea zaidi.

Kuigawa hatua

Njia iliyo bora ni kuigawa hatua katika matabaka, kila tabaka likawa na rekodi zake, na kompyuta ikayaunganisha wakati wa mchezo. Msomaji achukue mfano wa mtu anayetembea kwa viatu vya ngozi juu ya njia ya changarawe. Tabaka la kwanza ni kisigino kinapotua. La pili ni ncha ya kiatu inayoshuka baadaye. Katika mwendo wa kawaida pengo kati ya hayo mawili ni karibu sehemu 1 ya 10 ya sekunde, na mtu akikimbia pengo hilo hupungua hadi vishindo viwili vikawa kimoja. Tabaka la tatu ni vijiwe vinavyosukumwa na kutawanyika. La nne ni nguo, ambayo hailii mguu unapotua bali unaporushwa mbele. Wengi huliweka pamoja na kisigino, wakashangaa kwa nini mhusika wao anasikika kama gunia linalodondoshwa.

Tuseme zimenaswa rekodi 8 za kisigino, 6 za ncha, 6 za vijiwe na 4 za nguo. Jumla ni rekodi 24, na miunganiko inayowezekana ni 1,152. Tarakimu hiyo hupendwa sana na wanaotetea njia hii, lakini inadanganya. Sikio halisikii miunganiko. Husikia kwanza tabaka lenye nguvu, nalo ni kisigino. Rekodi za kisigino zikiwa 2 tu, matabaka mengine hata yakiwa na rekodi 50 kila moja, mchezaji atasikia visigino 2 vinavyopokezana chini ya pazia la kelele. Ndiyo sababu kisigino kimepewa rekodi nyingi kuliko nguo. Akiba igawiwe kwa kadiri ya sauti ya kila tabaka, si kwa usawa.

Baada ya hapo kila tabaka lipewe kanuni ya kukumbuka. Kwa kisigino, kompyuta ichague kibahati kati ya rekodi 8, lakini izikatae 3 zilizolia mwisho. Kwa hiyo rekodi yoyote haiwezi kurudi kabla ya hatua ya 4. Katika mwendo wa hatua 110 kwa dakika, hatua 4 huchukua sekunde 2.2, katika mbio za milisekunde 300 kwa hatua, huchukua sekunde 1.2. Hali zote mbili zimevuka ile sekunde 1 ya kumbukumbu ya karibu, na hapo ndipo hesabu ya 3 ilipotoka. Mwandaaji ambaye mhusika wake hukimbia upesi zaidi hana budi kuiongeza. Ambaye mhusika wake ni mzee mwenye mkongojo aweza kuipunguza na kuokoa nafasi.

Ama kuhusu kumbukumbu ya mbali, dawa yake ni kisu. Rekodi yenye kovu isitupwe, bali ikatwe: ule mlio wa kijiwe uondolewe katika rekodi ya hatua na kuwekwa katika tabaka la tano, tabaka la matukio ya nadra. Humo yaweza kuwemo milio 6 au 7 ya aina hiyo, na kompyuta ikaruhusiwa kuuliza mmoja kwa nafasi ya 1 katika hatua 15, kwa sharti kwamba mlio uleule usirudi kabla ya dakika kadhaa kupita. Hatua zilizobaki zitakuwa za kawaida mno, hata za kuchosha zikisikilizwa moja moja. Hivyo ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Kinachorudiwa sana hakina budi kuwa kinyonge, na kinachovutia hakina budi kuwa adimu.

Kinachobadilika na kisichobadilika

Ipo hoja ya wanaopendelea kubadili wembamba wa sauti: kwamba kompyuta hufanya kazi hiyo bila kuhitaji nafasi yoyote ya ziada. Kwa changarawe hoja yao inakubalika. Vijiwe vinavyosagana havina mlio mmoja maalumu, hivyo rekodi ikiharakishwa au ikicheleweshwa kwa asilimia 5, sikio hulipokea badiliko hilo kama rundo jingine la vijiwe. Lakini kanuni hiyohiyo ikihamishiwa kwenye migongano ya vitu vigumu, huleta madhara.

Pipa tupu la chuma likipigwa hutoa milio kadhaa kwa pamoja, na wembamba wa kila mlio umewekwa na umbo la pipa, unene wa bati lake na aina ya chuma. Mpigaji hawezi kuubadilisha. Akipiga karibu na ukingo, milio fulani hupata nguvu na mingine hufifia. Akipiga katikati, mizani hubadilika. Akipiga kwa nguvu, rungu hugusana na chuma kwa muda mfupi zaidi, na mguso mfupi huamsha zaidi milio myembamba. Ndiyo maana pigo kali husikika kali, si kubwa tu. Kwa hiyo katika pipa moja hubadilika mizani ya milio, ukali na ukubwa wa sauti, lakini wembamba wa kila mlio hubaki palepale. Kompyuta ikiufanya mlio upande na kushuka kwa bahati nasibu, mchezaji hatasikia pipa moja lililopigwa mara tano. Atasikia mapipa matano ya ukubwa mbalimbali, ilhali mbele ya macho yake liko moja.

Njia iliyo sahihi ni kulitenga tabaka la mguso na tabaka la mvumo. Mguso, ambao ni kishindo kifupi kisicho na mlio dhahiri, waweza kuwa na rekodi nyingi na kubadilishwa kwa uhuru. Mvumo unaswe kwa kulipiga pipa lilelile mahali mbalimbali, kwa nguvu mbalimbali, na usiguswe wembamba wake. Nguvu ya mgongano, ambayo mchezo huijua kwa kuwa huihesabu wenyewe, itumike kuamua ni kiasi gani cha sauti nyembamba kipunguzwe: pigo dhaifu lisikike limefifia, pigo kali lisikike wazi. Bahati nasibu haihitajiki sana hapo, kwani migongano yenyewe haifanani.

Kasoro moja hujitokeza sana katika migongano, nayo hutambulika kwa urahisi. Pipa likibingirika, mchezo huweza kuarifu migongano mingi ndani ya muda mfupi sana. Rekodi moja ikilia mara mbili kwa wakati uleule, nguvu yake hupanda kwa desibeli 6, na pipa hupiga kelele isiyo na sababu. Zikipishana kwa milisekunde chache, sauti huwa na uwazi kama inayotoka ndani ya bomba. Anayesikia mojawapo ya dalili hizo asikimbilie kuongeza rekodi. Aweke muda wa chini kati ya mgongano na mgongano, na migongano inayoingia katikati ikataliwe.

Tofauti inayopotosha

Limebaki swali la kiasi, na hapa ndipo mchezaji aweza kudhulumiwa hasa. Katika michezo ya mashindano, hatua za mpinzani asiyeonekana ni habari. Mchezaji hukadiria umbali kwa ukubwa wa sauti, na mahali penye uwazi sauti itokayo nukta moja hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Mwandaaji akiiruhusu kompyuta ibadilishe ukubwa wa hatua kibahati kwa desibeli 6, amempa mpinzani uwezo wa kusikika mbali maradufu ya mahali alipo. Mchezaji atageuka akiwa amechelewa, na atadhani amekosea yeye. Kwa michezo hiyo badiliko la kibahati la ukubwa lisizidi desibeli 1 hivi, na tofauti zitafutwe katika vijiwe, nguo na pengo la kisigino na ncha, ambavyo havisemi lolote juu ya umbali.

Ni kweli kwamba matabaka yana gharama. Wahusika 10 wenye matabaka 4 kila mmoja waweza kuhitaji sauti 40 kwa wakati mmoja, na huo ni mzigo kwa kifaa chenye uwezo mdogo. Lakini mtu aliye mbali hasikiki nguo zake wala vijiwe vyake. Matabaka hayo yazimwe kwa kadiri anavyosogea mbali, na kisigino kibaki peke yake. Kwa njia hiyo uchumi wa kompyuta unafuata uchumi wa sikio.

Kipimo cha mwisho hakihitaji chombo chochote. Mtu ambaye hakushiriki katika kunasa sauti aketi mbele ya mchezo, afumbe macho, na mhusika atembezwe kwa dakika 3. Kila mara msikilizaji anapodhani amekwisha kuisikia hatua fulani, agonge meza; na kompyuta iandike ni rekodi zipi zilizokuwa zikilia. Mwishoni orodha isomwe. Migongo ikitawanyika juu ya rekodi nyingi, kanuni ya kukumbuka ni fupi mno. Ikikusanyika juu ya rekodi moja au mbili, hizo ndizo zenye kovu, na kilichobaki ni kuzipeleka kwenye kisu. Ni pale tu ambapo migongo imetawanyika na kanuni imekwisha kurefushwa kadiri akiba inavyoruhusu ndipo mwandaaji anapokuwa na haki ya kuchukua kinasasauti chake na kurudi kwenye changarawe.